MREJESHO: Baridi ya chumba cha kupanga Njombe

Swali langu lilikuwa: "Upepo unapenya dirishani na chini ya mlango, mwenye nyumba hataki misumari. Nifanyeje?"

Wakuu, asanteni sana. Nilianza na ule ushauri wa udi: unauwasha, unaupitisha polepole kando ya fremu, moshi ukiyumba ndipo penye upenyo. Kumbe mlango ulikuwa mbaya kuliko dirisha! Uwazi wa sentimita 2 chini. Nimekunja blanketi kuukuu, nikalishonea mfuko wa kitambaa wenye mchanga kidogo ndani ili lisisogee. Limekaa vizuri.

Utepe wa sponji wa dirishani ulibanduka siku ya tatu, maana niliubandika kwenye fremu yenye vumbi na umande. Safari ya pili nilifuta kwa spiriti, nikasubiri ikauke, umeshika. Ila chagua mwembamba, ule mnene ulizuia komeo kufunga.

Pazia zito nimelitundika kwa fimbo ya kubana ukutani, limezidi dirisha sentimita 15 kila upande. Asubuhi vioo vinatoka jasho, hivyo nalifungua mapema.

Matundu ya hewa juu sijayaziba, na jiko la mkaa haliingii ndani kabisa. Aliyenionya, ubarikiwe.