Naomba ushauri: gauni linajikunja kiunoni nyuma, mbele linapanda

Mafundi wenzangu, habari za kazi. Nina mteja ambaye mgongo wake umebonyea sana kiunoni na tumbo limetokeza. Nimemshonea gauni la majaribio kwa marekani, la kubana, halina mshono wa kiunoni, zipu iko nyuma.

Mgongoni mikunjo imelala mlalo juu ya makalio. Kwanza nilidhani makalio yanabana, kwani gauni likibana hapo hupanda na kujikusanya kiunoni vilevile. Lakini pale makalioni bado nashika kitambaa cha ziada, kwa hiyo kilichozidi ni urefu. Nikibana kwa pini sentimita 2 katikati ya mgongo, nikipunguza hadi sifuri ubavuni, mgongo unatulia kabisa.

Mbele ni kinyume chake. Mistari inatoka tumboni kuelekea ubavuni, pindo limepanda, na mshono wa ubavuni umevutwa mbele. Hapo najua niikate pateni kwa mlalo usawa wa tumbo na kuifungua katikati, ubavuni ibaki imeshikana.

Nilipokwama ni hapa: nikifungua hivyo, mstari wa katikati unapinda, na kipande cha mbele nakikata kwenye mkunjo. Niweke mshono katikati, ambao utakata maua ya kitenge, au nafasi hiyo niihamishie kwenye dati ya ubavuni? Naogopa dati itachongoka juu ya tumbo. Na nyuma, zipu ikifuata mstari uliopinda kiunoni, haitavimba?