Mrejesho: nyasi kavu kwenye picha ya nyumba

Niliuliza: "Nawezaje kufanya nyasi zilizokauka mbele ya nyumba ziwe kijani pichani bila kuonekana kama zulia?"

Wakuu, asanteni sana. Nilianza na ushauri wa leya ya kijani chenye umanjano katika hali ya Color, nikaizuia kwa Layer Mask ibaki kwenye nyasi tu. Kwa kuwa mwanga na vivuli vya picha ya awali havibadiliki, majani yalibaki na umbo lake, na hisia ya umbali haikuharibika. Kijani kilikuwa kikali kama plastiki, nikashusha Opacity hadi 60%.

Penye udongo mtupu mbinu hiyo iligoma. Nilipata udongo wa kijani! Hapo nilileta nyasi za picha nyingine iliyopigwa kwa kimo kilekile, jua likitoka upande uleule, nikabana ukingo wa juu kwa Perspective ili majani ya mbali yawe madogo. Kando ya kijia nilipitisha brashi yenye umbo la majani, maana mstari ulionyooka ndio unaoumbua kazi.

Chini ya mti bado kiraka kinang'aa kuliko kivuli kinachokizunguka. Leya ya Multiply ya kutia giza imepunguza mng'ao tu, haijamaliza.