Naomba ushauri: hati ya makubaliano ya ukumbi mmoja, vikundi viwili

Habari za leo wakuu. Kikoba chetu na kwaya ya jirani tunatumia ukumbi mmoja, na sasa tunaandika hati ya makubaliano. Siku hazina shida: sisi Jumamosi asubuhi, wao Jumatano na Ijumaa jioni. Kazi ipo kwenye umeme. Wao wana spika na kinanda, sisi feni mbili tu, lakini LUKU tunachangia nusu kwa nusu. Nimependekeza kila kikundi kisome yuniti kwenye mita kikiingia na kikitoka, kiandike daftarini, kilipie kilizotumia. Wenzetu wanasema tunawabana.

Mgogoro ukitokea, wawili wawili wakae ndani ya siku 7, wakishindwa waende kwa mwenyekiti wa mtaa. Ila naye ni mwanakwaya! Tumweke nani?