Barua ya kuomba kazi ya ufundi wa kompyuta: nionyesheje hatua na subira?

MkaaShela: Assalaam aleikum. Naomba kazi ya fundi wa kompyuta katika hoteli moja hapa Lamu, na tangazo lao linataka mtu anayejua kutafuta chanzo cha hitilafu, tena mwenye subira na wafanyakazi wasiojua kompyuta. Nimeandika: "Mimi ni mvumilivu na ninatatua matatizo yote." Naona maneno haya hayana uzito.

Kisa ninacho. Dada wa mapokezi mahali nilipokuwa alinipigia akisema intaneti imekufa, ilhali kompyuta ya ofisini ilikuwa ikiipata. Nilimwelekeza aandike `ipconfig` na anisomee mstari wa IPv4, nayo namba ikaanza na 169.254. Nilipofika nilikuta kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, nikakikata na kubana kipya.

Kijana_Langoni: Namba hiyo maana yake ruta imekufa. Andika tu kwamba uliizima ukaiwasha.

FundiMkongwe: Kijana, hapo umepata nusu. Kompyuta hujipa namba hiyo yenyewe baada ya kuomba anwani na kukosa jibu, na ruta iliyozimika yaweza kuwa sababu; lakini kwa kuwa ya ofisini ilikuwa ikipata mtandao, shaka kubwa ilihamia kwenye waya au tundu la swichi. MkaaShela, hoja hiyo ndiyo ya kuandika, yaani ulichokiondoa kwanza na kwa nini, kisha useme ulithibitishaje kwamba waya mpya umetengemaa.

Neno "mvumilivu" lifute, uweke ulichomwambia yule dada. Mimi simuulizi mtu kama amechomeka waya, maana atajibu ndiyo bila kuangalia na atahisi amedharauliwa. Namwomba auchomoe, aniambie rangi ya vijichuma vya mwishoni, kisha aurudishe mpaka ulie "ta". Mara nyingi tatizo huishia hapo.

KaraniMalindi: Mimi ni mtumiaji tu. Fundi wetu hunipokonya kipanya, akabonyeza mbiombio, na hitilafu ikirudi kesho yake sijui pa kuanzia. Je, printa inayosema "Offline" nayo ni waya?

FundiMkongwe: Dada, yaweza kuwa, ifungulie uzi wake tuiangalie vizuri.

MkaaShela: Ahsanteni. Nimeandika upya: "Mfanyakazi wa mapokezi alipokosa mtandao, nilihakikisha kwanza kwamba kompyuta nyingine inaupata, ndipo nikamwongoza kwa simu, yeye mwenyewe akiandika na kunisomea alichokiona. Namba aliyoisoma ilinielekeza kwenye waya. Baada ya kubadilisha kichwa chake nilipima kwa `ping 192.168.1.1`, majibu yakarudi, na sikuondoka mpaka yeye mwenyewe alipofungua daftari la wageni."

Kijana_Langoni: Hiyo `ping` iache, ionekane unaijua kazi.

FundiMkongwe: Mimi ningeitoa, kwa kuwa huenda barua ikasomwa kwanza na meneja asiyeijua, useme tu kwamba ulipima mawasiliano na ruta.