Naomba ushauri: mhakiki anataka takwimu katika utafiti wa mahojiano

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri kuhusu makala niliyoitoa katika tasnifu yangu ya uzamili, ambayo mhariri wa jarida ameirudisha akitaka marekebisho makubwa. Niliwahoji walimu 14 wa shule za msingi wilayani Muheza kuhusu ufundishaji wa kusoma katika madarasa yenye wanafunzi wengi.

Mhakiki wa kwanza anataka nieleze jinsi nilivyofikia dhamira kutokana na mahojiano, nami nakubaliana naye kabisa. Nimeandika upya sehemu ya mbinu, na katika barua ya majibu nimenakili hoja yake, nikaweka jibu langu chini yake pamoja na namba za ukurasa na mistari iliyobadilika. Mhakiki wa pili anadai niongeze majaribio ya kitakwimu, ilhali walimu hao waliteuliwa kwa makusudi, si kwa bahati nasibu, na lengo halikuwa kujumlisha matokeo kwa walimu wote.

Nakusudia kukataa kwa heshima, nikieleza sababu hiyo na kuongeza aya kuhusu mipaka ya utafiti. Je, hoja hiyo inatosha ndani ya barua ya majibu, au nimwandikie mhariri kwanza kabla ya kuwasilisha marekebisho?