Tupeane uzoefu: mliosikia maneno ya macho pale sokoni Lamu

Bint Mkomani: Jumamosi nilikuwa sokoni karibu na Ngome nachagua samaki, muuguzi mmoja akapanda juu ya kreti, akauliza: "Nani hapa hutia uzi kwenye sindano kwa kubahatisha?" Mikono ikainuka tele. Akasema mtu akifika miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, kuona karibu kukawa tabu. Namba ya miwani itapanda kidogo kidogo mpaka karibu miaka 60, uvae usivae. "Wanaosema miwani imewaharibu macho wamezoea kuona vizuri. Wakiivua, ukungu ule ule wa zamani wanauona mzito." Mimi yangu niliificha kabatini mwaka mzima kwa hofu hiyo. Nyinyi je?

Fundi Kofia: Nina miaka 49, nashona kofia kwa mkono. Nilipimwa nikapewa +1.50. Gazeti nasoma, lakini vitundu vya kofia vinacheza, na adhuhuri kichwa kinagonga. Nikarudi na kofia yenyewe. Wakapima toka jichoni hadi sindano: sentimita 30, na ile kadi ya kusoma nilikuwa nimeishika 40. Nikapewa +2.25, kazi ikatulia. Mtu wa mlangoni simwoni vizuri nikiivaa, basi naishusha puani. Ukienda kupimwa chukua kazi yako.

Nahodha wa Shela: Basi daktari wa nini? Ya barabarani namba ni hizo hizo. Nimenunua +2.00, naona. Na karoti nakula.

Mama Rukia: Mamangu amebadilisha miwani tatu, haoni. Wamesema ni mtoto wa jicho. Kuna matone ya kuyeyusha?

Mpimaji: Mama, matone hayo hayapo, na asali msimtie. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, ndiyo maana miwani zote tatu hazikumfaa. Kwa jaribio la nyumbani, toboa karatasi ngumu kwa pini, funika jicho moja, tazama kibao cha mbali kupitia kitundu. Kikisafika, huenda miwani itasaidia. Ukungu ukibaki, tatizo laweza kuwa kwingine. Hilo halichukui nafasi ya kupimwa.

Nahodha, karoti humfaa aliyepungukiwa vitamini A, lenzi iliyokakamaa hailainiki kwa karoti. Miwani ya barabarani hukupa namba moja macho yote mawili, na macho ya watu wengi hayalingani. Isitoshe, muuzaji hakukutazama ndani. Glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, mara nyingi hula uoni wa pembeni kwanza, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi.

Nahodha wa Shela: Marehemu baba alianza kujigonga milangoni, mbele akiona sawasawa. Hakuumwa hata siku moja. Akapofuka. Ndiyo hiyo?

Mpimaji: Siwezi kusema, hakupimwa. Lakini ikiwa ndiyo, wanawe mko hatarini kuliko wengine. Nenda ukapimwe presha ya jicho na mshipa wa nyuma, na nduguzo pia.

Nahodha wa Shela: Tuko sita. Wawili wako baharini hadi Alhamisi.