Kikombe kimetoka, chupa imeingia, vidole vimekataa. Msaada wakuu

DogoMabango
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya bango la juisi ya ukwaju. Picha nimepiga mwenyewe: dada kashika kikombe cheupe usawa wa kifua, vidole vinne vimezunguka mbele ya kikombe, dole gumba limejificha nyuma. Mteja picha kaipenda, ila sasa anasema kikombe kitoke, iingie chupa yake ya nusu lita. Dada kashasafiri, kwa hiyo kupiga upya wiki hii haiwezekani.

Nimekata vidole kwa `Pen Tool` nikaviweka leya ya juu, chupa nikaipitisha chini yake. Mwanga wa chupa na wa picha unatoka upande mmoja. Lakini ukitazama tu unaona vidole vimebandikwa kama stika. Tatizo liko wapi? Natumia Photoshop.

Kijana_wa_Mbezi
Kivuli tu hicho mkuu. Bofya mara mbili leya ya vidole, washa `Drop Shadow`, imeisha hiyo. Mimi mabango ya simu nafanya hivyo kila siku, mkono unabaki uleule nabadilisha simu.

MamaRayan
Mimi wangu ana mwaka na nusu, kikombe alishakizoea vizuri, juzi kaenda kwa bibi yake karudi anataka chupa. Nimrudishie au nikaze?

Kijana_wa_Mbezi
😂😂 Mama Rayan, huku ni jukwaa la picha. Kaza tu.

Retachi
Kivuli kinahitajika, Kijana hajakosea, lakini hata kikiwekwa vidole vitabaki stika. Simu ni bapa na zote zinakaribiana unene, ndiyo maana yeye hapati shida. Hapa tunatoka kwenye kitu kinene kwenda chembamba. DogoMabango, nipe vipimo: kikombe kina kipenyo gani, chupa je, na kwenye picha ncha za vidole zinaishia wapi?

DogoMabango
Kikombe ninacho hapa, ni sm 8. Kwenye picha upana wake ni pikseli 640. Chupa ni sm 6.5. Ncha ya kidole cha kati iko pikseli 520 ukianzia ukingo wa kushoto, upande wa kiganja.

Retachi
Umeshajijibu. Pikseli 640 kwa sm 8 ni pikseli 80 kwa sentimita moja, kwa hiyo chupa yako lazima iwe na upana wa pikseli 520. Ukiiegemeza kwenye kiganja, ncha ya kidole inaangukia palepale ukingo wa chupa unapoishia, huku kucha bado imeitazama kamera. Kidole halisi hakifanyi hivyo. Shika chupa sasa hivi usimame mbele ya kioo: kidole kikikaribia ukingo wa pili kinageuka na kuanza kwenda nyuma, kucha unaiona kwa ubavu na pingili ya mwisho inaonekana fupi. Vidole vyako bado vinakumbatia kikombe cha sm 8 ambacho hakipo.

Nimepiga hesabu ya duara kwa kidole cha urefu huo. Pingili ya mwisho iliyoonekana kama pikseli 185 kwenye kikombe, kwenye chupa inabaki kama 135. Kiungo kinachoianza kinasogea kulia kama pikseli 30, ncha inarudi kushoto kidogo, chini ya 20. Ni makadirio, lakini ukiyafuata jicho linakubali.

Fanya hivi. Tenganisha kila kidole leya yake, maana kidole kidogo ni kifupi na hakifiki ukingoni kama cha kati. Kisha `Edit > Puppet Warp`, weka pini moja kwenye shina la kidole, moja kwenye kila kiungo na moja kwenye ncha. Pini ya shina usiiguse. Sogeza kiungo cha mwisho kulia, halafu rudisha ncha kushoto. Ukiona mikunjo ya ngozi imevutika kama ya mpira, umezidisha. Na ukimaliza usikate nyama ya kidole sambamba na ukingo wa chupa, kwa sababu kidole kina unene, kinatokeza nje kidogo.

Kijana_wa_Mbezi
Kwa hiyo kivuli hakina kazi?

Retachi
Kina kazi, ila `Drop Shadow` inatoa kivuli chenye upana mmoja kote, na kinamwagikia hadi kwenye blauzi ya dada. Kivuli cha mguso hakiko hivyo. Pale ngozi inapobana plastiki ni uzi mwembamba mweusi, ukisogea hadi pale kidole kinapoachia chupa kinatanuka na kufifia. Fungua leya mpya juu ya chupa, `Ctrl+Alt+G` ili isitoke nje ya chupa, iweke `Multiply`, halafu paka kwa mkono. Rangi ichukue sehemu ya giza ya chupa yenyewe, usitumie nyeusi tupu.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Kikombe kilikuwa cheupe, kilirudisha mwanga kwenye vidole. Vuta karibu utazame kingo za chini za vidole, utakuta mstari wa mwanga. Ukwaju ni kahawia iliyoiva, hauwezi kutoa mwanga huo. Usipoizima hiyo mistari, kikombe kitaendelea kuonekana ingawa umekifuta.

DogoMabango
Duh, kweli ipo! Kwenye kidole cha shahada imewaka kabisa. Naizima kwa `Curves`?

Retachi
`Curves` yenye maski, taratibu. Rudisha na wekundu kidogo, ngozi ukiishusha tu inakuwa ya kijivu.

Pwani_Studio
Nyie mnajitesa. Piga mkono mwingine umeshika chupa yenyewe, dirisha upande uleule, kamera usawa uleule, halafu unganisha kwenye kifundo. Dakika kumi. Mkono wowote unafaa, rangi inarekebishika.

Retachi
Njia hiyo naiheshimu, na kama angeshika kikombe kwa sikio ningemwambia aende nayo moja kwa moja, maana kidole kilichopita kwenye sikio la kikombe hukigeuzi kikashika chupa. Ila "mkono wowote" nakataa. Rangi ni kitu kidogo. Unene wa kifundo, mishipa na urefu wa vidole vinaonekana, hasa kwenye bango kubwa. Tena dada kavaa blauzi ya mikono mifupi?

DogoMabango
Mifupi, hadi kiwiko. Na ana hina mkononi.

Pwani_Studio
Hina! Basi narudi nyuma. Labda aje mwenye hina hiyohiyo 😄

Binti_Lebo
Samahani naingilia. Mmetazama lebo? Mimi nafanyia kazi wenye viwanda vidogo, mteja kitu cha kwanza anatafuta ni jina lake. Vidole vinne vikilala mbele ya chupa vinaziba kama sm 7 au 8 za kimo, na lebo nyingi za nusu lita hazizidi hapo sana.

DogoMabango
Lebo ina kimo cha sm 7. Sijawaza kabisa. Nikishusha mkono?

Binti_Lebo
Chupa ndiyo ipande, mkono ubaki. Ila isizidi, ukishikia kitako tu inaonekana itamponyoka.

Retachi
Chupa ya nusu lita ina kama sm 20. Vidole vikianzia sm 2 kutoka kitako vinafika sm 10. Lebo inaanzia wapi?

DogoMabango
Sm 6 kutoka chini. Kwa hiyo karibu nusu ya juu inaonekana, na jina liko juu. Nembo ya tunda ndiyo inazibwa.

Binti_Lebo
Mtumie hivyo aone kabla hujaanza kupinda vidole. Mimi nadhani atakataa, atataka nembo yote.

Retachi
Akikataa, hakuna `Puppet Warp` ya kukuokoa, mshiko wenyewe ndio utabidi ubadilike. Dada anarudi lini?